Bakoba si Bukoba: orodha ya maneno katika unukuzi wa sauti na makosa inayoyaficha

Katika Manispaa ya Bukoba kuna kata iitwayo Bakoba. Mwenyeji wa mji huu hahitaji kuelezwa kwamba mtu anayeishi Bakoba ana anwani, ilhali mtu anayeishi “Bukoba” amesema tu kwamba yumo katika mji. Programu ya kompyuta inayosikiliza sauti na kuigeuza kuwa maandishi haijui hayo. Imelishwa maandishi mengi yenye jina Bukoba na machache mno yenye jina Bakoba, kwa hiyo inaposikia la pili huandika la kwanza. Haiachi pengo wala haiweki alama ya kuuliza. Barua ya rufaa hutoka safi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetumwa kumfuatilia mgonjwa huanza safari yake bila kata.

Programu za unukuzi zimeanza kuingia katika kazi zetu. Madaktari huzitumia kunukuu muhtasari wanaousema badala ya kuuandika, watafiti huzitumia kwa mahojiano ya vikundi, na vyuo kwa mihadhara. Dawa inayopendekezwa kwa kasoro niliyoitaja ni orodha ya maneno: unaipa programu majina ya mahali, ya watu na ya dawa ambayo inapaswa kuyatarajia, nayo huyaandika kwa tahajia uliyoipa. Dawa hiyo ni ya kweli nami naiunga mkono. Ila kama dawa nyingine yoyote ina madhara yake, na naona wanaoisifu huyapita madhara hayo haraka mno. Orodha hupunguza makosa yanayoonekana, na papo hapo huweza kuongeza makosa yasiyoonekana. Katika tiba, haya ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Nichukue programu moja ambayo namna yake ya kufanya kazi iko wazi, yaani Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022. Inaweza kutumika katika kompyuta ya ofisini bila kutuma sauti mtandaoni, jambo ambalo nitalirudia. Whisper hukata sauti katika madirisha ya sekunde 30. Katika kila dirisha hukisia maandishi kipande kwa kipande, na kila kisio hutegemea mambo mawili: sauti iliyosikika, na maneno yaliyokwisha kuandikwa kabla yake. Orodha ya maneno huingia kwa mlango huo wa pili. Unaiambia programu kwamba maandishi yaliyotangulia yalikuwa haya na haya, nayo huendelea kana kwamba kweli yalitangulia. Haijajifunza jina jipya kwa maana ya mwanafunzi anayejifunza. Imeegemezwa tu upande mmoja.

Amri yenyewe ni fupi:

```
whisper muhtasari.wav --model large-v3 --language sw \
  --initial_prompt "Kata ya Bakoba, mjini Bukoba. Kashai, Kashozi, Kashasha. Hospitali ya Ndolage, Kamachumu. Metformini, metronidazoli." \
  --carry_initial_prompt True
```

Mstari wa mwisho una kazi yake. Bila huo, orodha hutumika katika dirisha la kwanza tu, na baada ya hapo programu hutegemea kile ilichoandika yenyewe. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba majina yalikuwa sahihi mwanzoni mwa mahojiano, kisha yakaanza kuharibika. Matoleo ya karibuni yana chaguo hilo la kuibeba orodha kutoka dirisha moja hadi jingine. Katika matoleo ya zamani halimo, na njia iliyobaki ni kuikata rekodi ndefu vipande na kukipa kila kipande orodha yake.

Kuna na mpaka mwingine ambao huwashangaza wengi. Nafasi ya orodha haizidi vipande 224, na “kipande” hapa si neno zima. Neno la kawaida la Kiingereza aghalabu ni kipande kimoja. Jina kama Rwamishenye au Kanyangereko, ambalo programu haijalizoea, hukatwa vipande vinne, vitano au zaidi, na kila mkato wa koma nao huhesabiwa. Ukikadiria vipande vitano kwa jina pamoja na koma yake, utaona kwamba orodha inabeba majina arobaini hivi, si zaidi. Ukiandika mia moja, hupati onyo lolote: programu huhifadhi sehemu ya mwisho na kuitupa ya mwanzo. Aliyeorodhesha vijiji vyake kwa alfabeti hupoteza Bakoba, Bulinda na Butayaibega, akabaki na Rwamishenye.

Majina arobaini hayatoshi hata kwa kata za wilaya ya Muleba pamoja na visiwa vyake. Wapo wanaoliona hili kama udhaifu. Mimi naliona kama sababu ya kila kliniki kuwa na orodha yake. Kliniki ya kisukari inayopokea wagonjwa kutoka Kamachumu, Nshamba na Rubya haina haja ya majina ya Bumbire na Goziba. Timu inayokwenda visiwani inayahitaji hayo, na pengine haihitaji Kitendaguro wala Ijuganyondo. Orodha moja ya mkoa mzima, iliyotengenezwa na mtaalamu wa kompyuta kutoka mbali kwa kunakili daftari la vijiji, itakuwa ndefu kupita nafasi iliyopo, na itakuwa imejaa majina ambayo hakuna mgonjwa wa kliniki hiyo atakayeyataja.

Sasa nije kwenye madhara. Tuseme daktari anasema maneno haya, ambayo nimeyatunga wala hayamhusu mgonjwa yeyote: “Mama wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa kata ya Bakoba, amekuja kwa rufaa kutoka Hospitali ya Ndolage. Alifika Bukoba juzi, akalala kwa dada yake Kashozi. Anatumia metformini.” Bila orodha, makosa ya kutarajia ni ya wazi: Ndolage inakatika kuwa maneno mawili yasiyo na maana, Kashozi inakuwa neno la ajabu, Bakoba inakuwa Bukoba. Msomaji makini atayaona mawili ya kwanza mara moja, kwa kuwa yana sura mbaya. La tatu tu ndilo litakalompita.

Hebu tutie orodha yenye Bakoba, Ndolage, Kashai na metronidazoli. Ndolage sasa imekuwa sahihi na Bakoba imekuwa sahihi. Lakini sentensi ya pili inaweza kutoka hivi: “Alifika Bakoba juzi, akalala kwa dada yake Kashai.” Tumeitia programu hamu ya Bakoba, na sasa inaiona hata pasipokuwepo. Kashozi, iliyo nje ya mji upande wa kaskazini, haikuwamo katika orodha. Jirani yake wa sauti, Kashai, kata ya mjini, alikuwamo, basi akamvuta. Hakuna neno lenye sura mbaya katika sentensi hiyo. Kila jina lipo kwenye ramani. Karani ataipitisha, na daktari aliyechoka ataitia sahihi.

Na dawa je? Metformini na metronidazoli hufanana mwanzo, na kuchanganywa kwake ni jambo linalojulikana hata pale ambapo hakuna kompyuta, kwa macho na masikio ya binadamu tu. Ukiweka moja peke yake katika orodha unaizidishia nguvu dhidi ya nyingine. Mgonjwa wa kisukari anayeandikiwa dawa ya vijidudu hatapata onyo kutokana na tahajia, maana tahajia ni kamilifu.

Kutokana na hayo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona mkali: jina lisiingie katika orodha peke yake ikiwa lina pacha. Kashai iingie pamoja na Kashozi na Kashasha, au yote yasiingie. Metformini iingie pamoja na metronidazoli. Bakoba iingie ndani ya kifungu, “kata ya Bakoba”, na Bukoba ndani ya chake, “mjini Bukoba”, ili programu iegemee maneno ya jirani na siyo jina tupu. Hii haiondoi mkanganyiko wote. Inaurudisha uamuzi kwenye sauti iliyosikika, mahali pake, badala ya kuuacha kwenye upendeleo tulioutia sisi.

Kashasha ina tabu yake ya ziada, nayo inanifurahisha kila nikiifikiria. Kwa Kiswahili cha mitaani kashasha ni purukushani, msala. Kwa mwanahistoria wa tiba ni shule ya bweni ya wasichana iliyoko Muleba, ambako tarehe 30 Januari 1962 ulianza mlipuko wa kicheko ulioenea hadi Nshamba na kwingineko, na ambao madaktari wawili, Rankin na Philip, waliuandika katika jarida la kitabibu mwaka uliofuata. Programu inaweza kuliandika neno hilo bila kosa la tahajia na bado ikaliandika kwa herufi ndogo, kana kwamba mzungumzaji alilalamikia fujo. Hapo orodha husaidia kweli, kwani herufi kubwa nayo hufuata sura uliyoipa.

Kuna neno jingine la historia yetu ambalo orodha haiwezi kulisaidia. Wazee wanaosimulia miaka ya kwanza ya UKIMWI mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage mwaka 1983, huutaja ugonjwa ule kwa jina la “Juliana”, lililotokana na kitambaa cha magendo kilichopendwa wakati huo. Programu itaandika Juliana kwa usahihi kamili, na mtafiti kijana asiyejua atadhani mzee anamzungumzia mwanamke fulani. Hilo ni suala la maana, na maana huandikwa na mtu katika tanbihi. Vivyo hivyo kwa Kagondo: iko kata ya Kagondo katika Manispaa ya Bukoba na iko Kagondo ya Muleba yenye hospitali. Tahajia ni moja, na umbali kati yake ni safari ya gari.

Kuhusu majina ya watu msimamo wangu ni tofauti. Kishawishi ni kuchukua rejista ya kliniki na kuimimina yote katika orodha, ili kila Rweyemamu, Rwegasira, Kokushubira na Mutalemwa aandikwe vyema. Napinga, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ile ya sumaku: majina ya Kihaya yanayoanza kwa Rwe- au Koku- ni mengi na yanakaribiana, na Rweyemamu aliyemo katika orodha atawavuta akina Rwegasira wasiokuwamo. Isitoshe jina la mtu halina tahajia moja. Yupo Mutalemwa na yupo Mutaremwa, yupo Deogratias na yupo Deogratius, na kila mmoja ana haki ya herufi zake kama zilivyo katika kitambulisho chake cha taifa na kadi yake ya bima. Orodha itawafanya wote kuwa wa namna moja. Utambulisho wa mgonjwa utoke katika jalada, kwa namba na kwa kadi, usitoke katika sikio la mashine.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Orodha ya majina ya wagonjwa wa kliniki fulani tayari ni taarifa ya afya, hata kama haina neno jingine lolote. Anayeiona orodha ya kliniki ya tiba ya UKIMWI ameshajua yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukitumia huduma ya unukuzi iliyo ng’ambo kupitia mtandao, orodha husafiri pamoja na sauti. Madhali programu inaweza kukaa ndani ya kompyuta ya kituo, sioni sababu ya kupeleka sauti wala majina mbali. Katika orodha naruhusu majina ya watumishi wanaotajwa kila siku katika barua, nayo ni machache na yanajulikana. Ya wagonjwa, hapana.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote si makubwa mno kwa herufi moja. Namkumbusha mwezi Machi 2023. Tarehe 21 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Ulihusu vijiji vya Bulinda na Butayaibega katika kata za Maruku na Kanyangereko, na hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 2 Juni ulikuwa umewapata watu 9, kati yao 6 wakafariki. Ugonjwa huo hauzuiwi kwa hospitali pekee. Huzuiwa kwa kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, nyumbani kwake, na kumtazama kila siku kwa siku 21. Kazi yote hiyo huanza na majina mawili: la mtu na la mahali anapolala. Sisemi kwamba programu yoyote ilitumika wakati ule. Nasema kwamba zikija kutumika katika simu za dharura na mahojiano ya ufuatiliaji, Butayaibega itakuwa neno ambalo hazijawahi kulisikia, na Bulinda litakuwa neno linalofanana mno na vitenzi vya kulinda.

Katika hali kama hiyo orodha ina hatari mahususi ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Mahali penye kimya, kelele za mvua juu ya bati, au mzungumzaji aliyeko mbali na kinasa sauti, Whisper wakati mwingine huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na ikiwa imepewa orodha, maneno hayo huweza kutoka katika orodha yenyewe. Dalili yake huonekana kwa urahisi ukishaijua: majina mawili matatu yaliyofuatana kwa mpangilio ule ule ulioyaandika, yenye koma zile zile, mahali ambapo sauti haina mtu. Ukiona hivyo, usisahihishe kwa kukisia. Rudi kwenye sekunde ile usikilize. Fikiria orodha ya vijiji vyenye mlipuko ikijichapa yenyewe katikati ya mahojiano ya mtu ambaye hajawahi kufika huko.

Kikomo kingine ni Kihaya chenyewe. Wagonjwa wetu wengi huanza kwa Kiswahili, na maumivu yakikolea huhamia Kihaya. Kihaya hakimo katika lugha ambazo Whisper imefundishwa. Itakachoandika hapo ni Kiswahili kisichokuwa na kichwa wala miguu, na kumimina maneno ya Kihaya katika orodha hakuigeuzi kuwa inayokielewa. Kunaongeza tu uwezekano wa maneno hayo kujitokeza mahali pasipo pake. Sehemu hizo zinukuliwe na mtu anayeijua lugha, basi.

Basi orodha ijaribiwe vipi kabla ya kuaminiwa? Njia ninayoitetea ni ya nusu saa. Watu watatu wa kituo, wenye sauti na lafudhi tofauti, mmoja wao akiwa mwenyeji wa kijijini, wasome sentensi kama ishirini. Nusu yake ziwe na majina yaliyomo katika orodha. Nusu nyingine, na hii ndiyo sehemu inayosahauliwa, ziwe na mapacha wasiokuwamo: Rubale pale orodha ilipo na Rubya, Bukoba pale ilipo na Bakoba. Rekodi hiyo ipitishwe mara mbili, bila orodha na ikiwa na orodha. Kisha yahesabiwe mambo mawili kando kando: majina mangapi yaliyokuwa yameharibika sasa yamekuwa sahihi, na majina mangapi yaliyokuwa sahihi au yenye sura mbaya sasa yamekuwa majina mengine halisi. Jina lililoleta hata badiliko moja la aina ya pili litolewe au liwekewe pacha wake, kisha jaribio lirudiwe. Huduma nyingine hukuruhusu kuipa kila neno uzito. Ile ya Google, kwa mfano, huchukua uzito hadi 20. Huko nako jaribio ni lile lile, na inafaa kuanza chini na kupanda taratibu, kwa kuwa uzito mkubwa huzidisha sumaku.

Mwenye kuitunza orodha asiwe daktari, wala fundi wa kompyuta. Awe karani wa masjala, akisaidiana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu hao wawili ndio wanaojua kwamba kitongoji fulani kina majina mawili na kwamba watu wa upande ule hutamka hivi. Tahajia ichukuliwe katika mihuri ya ofisi za kata na vijiji. Orodha iwe na tarehe, na kila muhtasari ulionukuliwa uandikwe umetumia orodha ya tarehe gani, ili kosa likigundulika Julai tujue barua zipi za Mei na Juni za kurudiwa.

Dozi na namba, mwishowe, haziguswi na orodha hata kidogo. “Kumi na tano” na “hamsini” zote ni maneno halali ambayo programu inayajua vyema, na hakuna orodha itakayoiambia lipi lilisemwa. Hizo zisomwe na daktari kutoka kwenye jalada kabla ya sahihi.

Nawe ndugu mgonjwa, unapokabidhiwa barua ya rufaa au kadi ya kurudi kliniki, una sehemu yako, nayo ni ya dakika moja. Mwombe aliyekupa akusomee mistari mitatu: jina lako, mahali unapoishi, na dawa zako. Akisoma “Bukoba” nawe unatoka Bakoba, mwambie aandike upya, kwa a, na asubiri uione.